Sauti Tatu Ndani ya H Moja

Hewa, habari, hesabu. Maneno haya matatu tunayaanza kwa sauti moja, tunayaandika kwa herufi moja, na hakuna anayeona ajabu. Yote yametoka katika Kiarabu, na huko kila moja lina herufi yake ya mwanzo. Hewa linaanza kwa ha nyepesi, pumzi tupu inayopita kooni. Hesabu linaanza kwa ha nzito inayobanwa ndani ya koromeo, ile anayoitoa Mwarabu katikati ya jina Muhammad. Habari linaanza kwa kha, yenye mkwaruzo nyuma ya kinywa, na pwani hadi leo utawasikia watu wakisema khabari na kheri.

Ziliingia sauti tatu, ikabaki moja. Ni rahisi kusema kwamba Waswahili walirahisisha, na mtu akaishia hapo. Lakini walirahisisha kwa kufuata nini? Kwa nini ha nzito haikugeuka k, wala kha haikugeuka s? Masikio yaliyoyapokea maneno hayo yalikuwa na utaratibu, tena utaratibu unaoweza kuonyeshwa kwa kidole juu ya jedwali moja linaloenea ukurasa mmoja. Ni jedwali la konsonanti la Alfabeti ya Kifonetiki ya Kimataifa. Ukishajua kulisoma, utaelewa pia kwa nini jirani yako anasema samba badala ya shamba, na kwa nini mti ni mrefu lakini nyumba ni ndefu.

Wapi, vipi, na nyuzi

Konsonanti hupatikana pale hewa inayotoka mapafuni inapokutana na kizuizi. Irabu hazina kizuizi: sema a, na hewa inapita kinywani bila kuguswa. Kwa konsonanti kizuizi kipo, na ili kuieleza konsonanti yoyote mtaalamu hujiuliza mambo matatu. Kizuizi kiko wapi? Ni cha namna gani? Na nyuzi za sauti zilizomo kooni zinatetema au zimetulia?

Swali la wapi unaweza kulijibu mbele ya kioo, angalau mwanzoni. Sema pa, na midomo miwili inakutana. Sema fa, na mdomo wa chini unagusa meno ya juu. Sema thelathini, na ncha ya ulimi inachungulia kwenye meno. Baada ya hapo kioo hakisaidii tena, inabidi uhisi. Katika ta, sa na na, ulimi unafanya kazi kwenye ufizi, ule ukingo wa nyama ulio nyuma ya meno ya juu. Katika sha, unarudi nyuma kidogo ya ufizi. Katika nya, mgongo wake unapanda hadi kaakaa gumu, na katika ka na ga sehemu yake ya nyuma inagota kwenye kaakaa laini. Zaidi ya hapo kuna kidakatonge, kile kinyama kinachoning'inia, kisha koromeo, na mwisho kabisa glota, yaani uwazi ulio kati ya nyuzi za sauti zenyewe. H yetu ya hewa hutoka huko mwisho.

Swali la vipi linataka subira zaidi, kwa sababu mahali pamoja panaweza kutoa sauti nyingi. Chukua ufizi peke yake. Ukiuziba kabisa kwa ulimi, hewa ikajaa nyuma yake kisha ukaiachia ghafla, umetamka t. Sauti za namna hiyo huitwa vipasuo, na huwezi kuzirefusha: hakuna mtu anayeweza kuishikilia t kwa sekunde tatu, maana wakati wa kuziba ni kimya na wakati wa kuachia ni mara moja. Usipouziba, ukaacha upenyo mwembamba, hewa inapita kwa kelele kama maji katika mpira wa bustani uliobanwa mdomoni, na hapo umetamka s. Hicho ni kikwamizo, nacho unaweza kukivuta hadi pumzi ikuishie. Ulimi ukigusa ufizi katikati huku pande zake zikiwa wazi, hewa inatambaa pembeni na kutoa l, ambayo vitabu vyetu huiita kitambaza. Ncha ya ulimi ikigonga ufizi upesi, mara moja au mara kadhaa mfululizo, inatoka r, yaani kimadende.

Nazali ndizo zinazowashangaza watu wengi zaidi. Unaposema m, midomo imefungwa sawasawa na katika b. Tofauti ni mlango ulio nyuma: kaakaa laini limeshuka, na hewa inatokea puani. Ziba pua kwa vidole kisha jaribu kuivuta m. Haiendi. Ndiyo maana mtu mwenye mafua makali akimwita mama unasikia kitu kinachokaribia baba.

Swali la tatu ndilo fupi. Weka kiganja kooni, vuta s ndefu, kisha ugeuze iwe z bila kukata pumzi. Ulimi haujasogea, upenyo ni uleule, lakini kiganja kimeanza kuhisi mtetemo. Z ni sauti ghuna, s si ghuna. P na b zinatofautiana kwa jambo hilohilo, vilevile t na d, k na g, f na v, na pia th ya thamani na dh ya dhamana.

Kwa hiyo fundi wa sauti haitaji s kwa jina lake. Anaitaja kwa majibu yake: ya ufizi, kikwamizo, si ghuna. Badilisha jibu moja tu kati ya hayo matatu, na unapata konsonanti nyingine.

Njia moja, ncha mbili

Waliosoma chuo cha Kurani pwani watasema kwamba haya si mageni kwao, na ni kweli. Mwalimu wa tajwidi humfundisha mtoto makharaji ya herufi, yaani mahali kila herufi inapotokea, kisha sifa zake: ipi hewa yake inazuiwa, ipi inapita. Makharaji yanayofundishwa mara nyingi ni 17, kwa hesabu ya Ibn al-Jazari, aliyefariki mwaka 1429. Kabla yake, katika karne ya 8, Sibawayhi alikuwa amehesabu 16. Mwalimu wa Sibawayhi alikuwa Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, ambaye kwa mapokeo alizaliwa Omani na akaishi Basra. Huyu alitunga kamusi ya Kiarabu isiyofuata alifu, ba, ta. Alizipanga herufi kwa kuanzia zile za ndani ya koo na kutoka nje hadi midomoni, na kwa kuwa ya kwanza katika mpango wake ni ain, kitabu kikaitwa Kitabu cha Ain. Wanasarufi wa Kihindi nao walikuwa wamezipanga konsonanti zao kutoka kooni kwenda midomoni.

Jedwali tunalolizungumzia lilianzia Paris. Mwaka 1886 walimu wa lugha za kigeni, wakiongozwa na Mfaransa Paul Passy, waliunda chama kilichokuja kuitwa Chama cha Kimataifa cha Fonetiki. Taabu yao ilikuwa ya darasani: tahajia ya Kiingereza na ya Kifaransa haimwambii mwanafunzi atamke nini. Mwaka 1888 walichapisha alfabeti yenye msingi kwamba kila sauti inayotofautisha maneno iwe na alama yake, na alama hiyo ibaki na maana ileile katika lugha zote. Tangu hapo imefanyiwa marekebisho mara nyingi, na makubwa ya karne iliyopita yalifanyika katika mkutano wa Kiel, Ujerumani, mwaka 1989.

Muundo wake unafuata maswali yetu matatu. Mahali kumewekwa juu, safu moja baada ya nyingine, kuanzia midomo upande wa kushoto hadi glota upande wa kulia. Ni njia ileile ya Al-Khalil, ila imeanzwa kutoka ncha nyingine. Namna imewekwa pembeni, mstari kwa mstari: vipasuo juu, chini yake nazali, na kuendelea. Katika kila kisanduku kuna nafasi mbili, ya kushoto kwa sauti isiyo ghuna, ya kulia kwa sauti ghuna. Ukitaka kuiona s, teremka kwenye mstari wa vikwamizo, nenda hadi safu ya ufizi, kisha tazama kushoto. Kulia kwake imekaa z.

Anayelitumia jedwali hilo kwa mara ya kwanza awe macho na alama zinazofanana na herufi zetu. Nyingi ni zilezile: p, b, t, k, m, s. Lakini [j] ya jedwali ni y yetu ya yai, kama Wajerumani wanavyoiandika. Zile tunazoziandika kwa herufi mbili zina alama moja moja, kwa kuwa ni sauti moja moja: sh ni [ʃ], th ni [θ], dh ni [ð], gh ni [ɣ], ny ni [ɲ], na ng' ya ng'ombe ni [ŋ]. Kinyume chake, ch haina kisanduku. Inaandikwa kwa alama mbili zilizounganishwa, [t͡ʃ], kwa sababu inaanza kama kipasuo na kumalizika kama kikwamizo. W nayo haimo ndani ya jedwali kuu, maana ina mahali pawili kwa wakati mmoja: midomo inajikusanya na ulimi unainuka kuelekea kaakaa laini. Imepelekwa kwenye orodha ya pembeni.

Mimi hupenda zaidi visanduku visivyo na kitu. Vingine vimetiwa kivuli, maana yake mwili hauwezi. Nazali ya koromeo, kwa mfano, haiwezekani: ukiziba koromeo umeziba njia chini ya mlango wa pua, na hewa haina pa kupanda. Vingine viko wazi bila kivuli. Sauti hiyo kinywa kinaiweza, ila haijapewa alama. Kuna kisanduku kilichokaa wazi hivyo hadi mwaka 2005, cha sauti ambayo mdomo wa chini unavutwa ndani kisha unapiga meno ya juu ukitoka. Lugha kadhaa za Afrika ya Kati zinaitumia, mojawapo ikiwa Kimono cha kaskazini magharibi mwa Kongo. Baada ya ushahidi kukusanywa, ikapewa alama yake, [ⱱ].

Sasa turudi kwenye hewa, habari na hesabu. Tafuta mstari wa vikwamizo, tazama nafasi za kushoto tu, kisha tembeza kidole kwenda kulia. Kha iko kwenye kaakaa laini au karibu na kidakatonge, kutegemea Mwarabu anatoka wapi: [x] au [χ]. Ha nzito iko kwenye koromeo: [ħ]. Ha nyepesi iko mwisho wa mstari, kwenye glota: [h]. Zote tatu ni vikwamizo, zote tatu si ghuna. Zinatofautiana kwa mahali tu. Lugha za Kibantu za pwani hazikuwa na desturi ya kuzitofautisha sauti za huko ndani, kwa hiyo sikio lilishika majibu mawili na kuliachia la tatu, na sauti zote zikateleza katika mstari uleule hadi kisanduku cha mwisho. Kuwa k kungehitaji kubadilisha namna. Kuwa s kungehitaji safari ndefu ya kurudi mbele ya kinywa, tena kwa mlio mkali usiofanana nazo hata kidogo.

Qafu ya Kiarabu ilifanya vivyo hivyo katika mstari wa vipasuo. Inatamkwa kwenye kidakatonge, nasi tukaisogeza hatua moja mbele hadi kaakaa laini, tukapata kalamu na wakati kwa k. Namna haikuguswa. Ain iliyokuwa mwanzoni mwa akili na umri haikubahatika: ilidondoka kabisa, ikaacha irabu.

Kura na kula

Utaratibu huu haukuisha na maneno ya Kiarabu. Unafanya kazi kila siku pale Kiswahili kinapozungumzwa na mtu aliyekua na lugha nyingine, na mara nyingi kinachobadilika ni jibu moja.

Mjaluo ambaye lugha yake haina sh husema samba na sule. Kikwamizo kimebaki kikwamizo, kisicho ghuna kimebaki hivyo, ila ulimi umesogea mbele kutoka nyuma ya ufizi hadi ufizi wenyewe. Bara, watu wengi husema selasini badala ya thelathini na zahabu badala ya dhahabu. Hapo ulimi umekwenda upande wa pili, umerudi kutoka meno hadi ufizi. Tazama lakini jinsi th inavyogeuka s na dh inavyogeuka z, bila kuchanganyana. Anayesema zahabu hasemi sahabu, kwa kuwa jibu la nyuzi za sauti analo na analilinda. Taabu huja pale maneno mawili yanapogongana: thamani ya samani, katika kinywa cha namna hiyo, ni samani ya samani.

Gh hupotea kwa njia nyingine. Ghali ikigeuka gali, mahali ni palepale kwenye kaakaa laini na nyuzi zinatetema kama awali, lakini upenyo umezibwa. Kikwamizo kimekuwa kipasuo. Mkikuyu anayesema shai akimaanisha chai amefanya kinyume: ameacha kuziba, akabakiza mkwaruzo peke yake.

R na l ndizo maarufu kuliko zote, hasa Kenya wakati wa uchaguzi, pale mgombea anapowaomba wananchi kula. Watu hucheka, na vichekesho vimetungwa, lakini jedwali linaonyesha kosa hili ni dogo kiasi gani. Sauti zote mbili ni za ufizi, zote ni ghuna. Moja hugonga, nyingine huachia hewa pembeni. Kikuyu haina l, kwa hiyo mzungumzaji wake hakulelewa kuisikia tofauti hiyo. Katika Kiganda hali ni ya ajabu zaidi: sauti zote mbili zipo, lakini ni kitu kimoja chenye sura mbili. R hutokea baada ya i na e, l hutokea kwingineko, na hakuna maneno mawili yanayotofautishwa nazo peke yake. Mganda anaweza kutamka r, na anaweza kutamka l. Kinachomshinda ni kuzichagua pale asipozoea kuchagua, na hilo ni la sikio kabla ya kuwa la ulimi.

Anayewacheka atazame kwanza kinywa chake mwenyewe, maana Kiswahili sanifu nacho hubadilisha r na l kwa hiari yake, na darasani tunaiita sarufi. Mti mrefu, nyumba ndefu. Ulimi mmoja, ndimi mbili. Watu wawili, nyumba mbili. Shuleni tunafundishwa kukariri: r na l hugeuka d, w hugeuka b. Kwa nini d, na kwa nini b? Kinachotangulia ni nazali, na nazali huziba kinywa kabisa. Sauti inayofuata inarithi kuziba huko. R na l ni za ufizi na ni ghuna, na sauti ya ufizi, ghuna, iliyozibwa kabisa ni d. W huundwa kwa midomo na ni ghuna, na ukiiziba unapata b. Mahali na mtetemo vimebaki, namna imekazwa.

Wakati huohuo nazali nayo hulipa deni, kwa kufuata mahali pa jirani yake. Sema kazi mbaya, kazi ndogo, kazi njema, kazi ngumu. Kabla ya b imekuwa m, kwa kuwa b ni ya midomo. Kabla ya d ni n ya ufizi. Katika njema ulimi umepanda kaakaani, na hiyo ni sauti ya ny. Katika ngumu tunaandika n, lakini si n. Anza kulitamka neno hilo na usimame kabla ya kufika g: ncha ya ulimi haijagusa ufizi hata kidogo, na unachokisikia ni ng' ya ng'ombe. Tahajia yetu, inayosifiwa kwa uaminifu wake, hapa imeficha jambo. Haidhuru, kwa kuwa mbele ya g kinywa chenyewe hakina njia nyingine rahisi.

Kuna jingine ambalo tahajia imelificha, na hili vitabu vingi vya shule hulipita. Weka kidole kwenye kongomeo, kile kifundo cha shingoni, useme baba polepole, kisha useme mbuzi. Mswahili aliyekua na lugha hii atahisi kongomeo likishuka kidogo katika baba, na katika mbuzi halishuki hivyo. Kushuka huko kunapanua nafasi iliyo nyuma ya midomo, na hewa ya ndani inapungua nguvu badala ya kujaa. Midomo ikifunguka, sauti inatoka laini na nzito, kama inayovutwa ndani. Jedwali linaiandika [ɓ], nayo haimo pamoja na vipasuo vya kawaida. Imewekwa katika jedwali dogo la chini, la konsonanti zisizotegemea pumzi ya mapafu peke yake. D ya dada, j ya jana na g ya gari nazo ziko huko: [ɗ], [ʄ], [ɠ]. Zikitanguliwa na nazali, kama katika mbuzi, ndizi na ngoma, zinarudi kuwa vipasuo vya kawaida. Mgeni anayetamka baba kwa b ya Ulaya anaeleweka vizuri, lakini anasikika mgeni, na mara nyingi wenyeji hawawezi kueleza kwa nini. Kuiweka b kwenye orodha ya vipasuo ni sawa kwa darasa la kwanza. Kwa kitabu cha chuo kikuu ni uvivu.

Katika jedwali hilo dogo utakuta pia sauti za kudoya, zinazotengenezwa kwa kunyonya hewa ndani ya kinywa. Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi na Wasandawe wa Tanzania ya kati wanazo, na Wadahalo wa pwani ya kaskazini ya Kenya pia. Sisi wengine tunazijua kwa nje tu: msonyo wa mtu aliyeudhika ni hewa inayovutwa ndani kati ya ulimi na meno, ila hatujaufanya konsonanti ya neno lolote.

Majibu matatu hayatoshi kwa kila kitu. Mmvita wa Mombasa hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni. Yule wa mwituni hutamkwa kwa p inayofuatwa na pumzi. Zote mbili ni za midomo, vipasuo, si ghuna, kwa hiyo zinaingia kisanduku kimoja. Alfabeti huzitenganisha kwa h ndogo iliyoinuliwa, [pʰ]. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, pumzi hiyo haikupata alama katika tahajia, na leo wengi wa bara hawajui kuwa iliwahi kuwepo.

Ombi langu ni kwa walimu wa madarasa ya chini. Mtoto akisema samba, kumwambia mara kumi kwamba si samba ni shamba hakumsaidii, maana huenda hasikii tofauti unayoisikia wewe. Mwambie avute s ndefu, kisha bila kukata pumzi arudishe ulimi nyuma taratibu na asogeze midomo mbele, hadi asikie mlio ukishuka. Anayesema gali avute pumzi yenye mkwaruzo pale anapotamkia k, kwa muda mrefu, bila kuziba, kisha aongeze mtetemo. Anayekosea r na l asikilizishwe kwanza jozi za maneno, kura na kula, mara na mala, aonyeshe kwa mkono ni lipi amesikia, na kutamka kuje baadaye. Kabla ya yote, mwalimu ajiulize ni jibu lipi kati ya yale matatu mtoto amelikosea, kwa sababu mengine mawili kwa kawaida tayari anayo.